Orodha ya Methali Iliyopigwa Picha: Dalili za Makosa, Vyanzo Vyake na Namna ya Kuyaondoa

Karatasi tunayoichukua kuwa mfano haitakuwa ngeni kwa mtu anayefundisha Kiswahili kwa wageni hapa Lamu. Ina methali sitini hivi zilizopigwa chapa katika safu mbili, na pembeni mna mistari michache iliyoongezwa kwa kalamu, baadhi yake kwa Kiamu, lahaja ya Lamu. Karatasi imepigwa picha kwa simu ikiwa ukutani, na sasa inatakiwa kila methali ipate maelezo mafupi pamoja na mfano wa matumizi ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataweza kuuelewa. Kazi hii ina hatua tatu: kuyatoa maandishi katika picha, kueleza maana, na kutunga mfano. Kosa kwa kawaida huonekana mwishoni, wakati mfano unaposomwa darasani na mtu akakunja uso, lakini chanzo chake mara nyingi kiko nyuma, katika hatua ya kwanza au ya pili. Kwa hiyo tutaanza na dalili, kisha turudi hadi mahali ilipozaliwa.

Dalili: nusu ya methali moja imeungana na nusu ya nyingine

Maandishi yaliyotoka yanasomeka hivi: «Haba na haba Mgema akisifiwa», na mstari unaofuata, «hujaza kibaba tembo hulitia maji». Chanzo ni safu mbili. Programu ya kusoma maandishi imepita kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia kana kwamba karatasi ni safu moja. Usijaribu kuzitenganisha methali kwa mkono baadaye, kwa sababu kuna nusu zinazoshikana vizuri na nusu zisizo zake na hutazitambua. Ikate picha iwe picha mbili, kila moja na safu yake, kisha isome kila moja peke yake. Kwa mtu anayetumia Tesseract, amri ni hii:

```
tesseract safu1.jpg safu1 -l swa --psm 4
```

Sehemu ya `-l swa` huiambia programu kwamba lugha ni Kiswahili, na `--psm 4` huiambia kwamba mbele yake kuna safu moja. Ukiiacha `swa`, programu husoma kwa Kiingereza, na maneno mafupi ya Kiswahili huanza kugeuzwa yafanane na ya Kiingereza.

Ikiwa safu zimetenganishwa na bado herufi zinakosewa, tatizo ni picha yenyewe. Jua la adhuhuri likipiga karatasi iliyo kwenye ukuta wa chokaa, sehemu moja hung'aa mpaka herufi zikapotea na sehemu nyingine hufunikwa na kivuli cha simu. Ibandue karatasi, uilaze chini ya daka au mahali pengine penye kivuli kilicho sawa, na uishike simu ikiwa sambamba na karatasi. Kisha ikuze picha na uitazame herufi ndogo kama «a»: ikiwa kimo chake hakifiki nukta ishirini hivi za picha, sogea karibu upige tena. Mistari ya kalamu iliyo pembeni usiipitishe katika programu ya namna hii, kwa kuwa imetengenezwa kwa maandishi ya chapa. Iandike mwenyewe huku ukiitazama picha. Na kama karatasi ni ya zamani zaidi na methali zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, jambo ambalo Lamu si geni, mtafute mtu aliyekulia katika kuzisoma, maana katika uandishi ule wa zamani «e» na «i» huandikwa kwa alama moja, na vivyo hivyo «o» na «u», na ni maana tu inayoamua ipi isomwe.

Dalili: mstari unaoanza na kitenzi kisicho na mwenyewe

Katika orodha iliyotoka kuna mstari unaosema, «Likienda joshi ni Mungu kupenda», na umepewa nambari yake kama methali kamili. Mwandishi wa maelezo amehangaika kuueleza, akasema kwamba mambo yote ni mapenzi ya Mungu, na hapo amemfundisha mwanafunzi jambo la kweli ambalo halimo katika methali.

Swali la kuuliza ni hili: nini kinachoenda? Kiambishi «li-» kinadai nomino yake, na nomino hiyo haimo katika mstari. Tazama juu yake na utaikuta: «Dau la mnyonge haliendi joshi». Mistari hii miwili ni methali moja iliyovunjwa na upana wa safu. Kwenda joshi ni kukikabilisha chombo na upande unakotoka upepo, na hilo linataka tanga zima na chombo chenye nguvu. Dau la mnyonge halina vitu hivyo, na likifaulu, mnyonge mwenyewe hawezi kudai kuwa ni kwa uwezo wake. Nusu ya pili ndiyo inayobeba unyenyekevu wa methali hii, na bila ya nusu ya kwanza unyenyekevu huo hauna mahali pa kushika.

Kipimo hiki kina mpaka wake. «Lisemwalo lipo, kama halipo laja» inaanza na «li-» na ni kamili, na «Kikulacho ki nguoni mwako» nayo ni kamili, kwa sababu «-lo» na «-cho» vya urejeshi vinasimama mahali pa jambo au kitu ambacho methali imekusudia kutokitaja. «Ukitaka cha mvunguni sharti uiname» nayo haina upungufu, maana mwenye kitenzi ni yule anayeambiwa. Mstari wa kutiliwa shaka ni ule wenye kiambishi cha kitu, usio na urejeshi, wala nomino iliyotangulia.

Dalili: neno ambalo mhariri amelisahihisha

Katika mistari ya kalamu pameandikwa: «Mchama ago hanyele, huenda akauya papo». Aliyeinakili aliliona «akauya», akadhani «y» imeingia kwa bahati mbaya, au simu yake ilidhani hivyo kwa niaba yake, na neno likawa «akaua». Maelezo yakafuata mkondo huo: mtu anayehama huenda akaua mahali pale. Mwanafunzi akaambiwa kwamba methali hii inaonya juu ya visasi.

Kuuya ni kurudi. Ago ni kambi ya wasafiri, na mchama ago ni mtu anayeihama kambi hiyo. Methali inasema kwamba mwenye kuondoka kambini hapachafui kwa haja kubwa, kwa kuwa huenda akarudi palepale. Maana yake ni kutoharibu uhusiano na watu au mahali kwa kudhani kwamba hutawahitaji tena, na ina manufaa makubwa kwa mwanafunzi mara atakapoacha kuogopa picha yake ya wazi. Usimfiche picha hiyo kwa kuandika tu «usiharibu unapoondoka». Mwandikie «kujisaidia», ambalo ni neno la heshima, na picha itabaki nzima.

Njia ya kuzuia kosa hili ni kuzima usahihishaji wa maneno katika simu kabla ya kunakili, na kutobadilisha herufi yoyote mpaka uwe umeirudia picha. Ikiwa picha inaonyesha wazi lile neno usilolijua, basi upungufu ni wa kamusi uliyonayo. Muulize mtu wa mtaa wa Mkomani au Langoni aliyekulia katika lugha hiyo. Katika kazi ya mwisho acha mstari wa Kiamu kama ulivyo, na chini yake uweke mstari wa Kiswahili sanifu wenye alama ya kuonyesha kwamba ni ufafanuzi: «Anayehama kambi hajisaidii hapo, huenda akarudi palepale.» Mwanafunzi atauhitaji mstari wa kwanza siku atakapousikia barazani, na wa pili ili auelewe.

Kosa la jamaa moja na hilo ni kuisawazisha sarufi ya methali. «Asiyesikia la mkuu huvunjika guu» hugeuzwa ikawa «huvunjika mguu», na kina kati ya «mkuu» na «guu» kikapotea. «Ki nguoni» hugeuzwa kuwa «kiko nguoni». Hayo si makosa ya uchapaji na yasiguswe.

Dalili: maelezo yanasomeka vizuri, lakini ni ya uongo

Hii ndiyo dalili ngumu kuliko zote, kwa sababu maandishi ni sahihi, maelezo hayana kosa la sarufi, na hakuna kinachokunja uso wa msomaji isipokuwa anayeijua methali. Tuchukue «Maji ya kifuu bahari ya chungu». Maelezo yaliyoandikwa ni haya: «Maji machache katika kifuu ni kama bahari yenye maji machungu. Maana yake ni kwamba kitu kidogo kinaweza kuleta shida kubwa.» Bahari kweli ina maji yasiyonyweka, kwa hiyo msomaji hatashtuka, na kosa litaendelea kunakiliwa kutoka daftari moja hadi jingine.

Chungu katika methali hii ni mdudu, jamii ya sisimizi. Kifuu ni gamba gumu la nazi, na maji yanayobaki ndani yake kwa chungu ni bahari. Tunajuaje, ikiwa neno lilelile pia ni ladha na pia ni chombo cha kupikia? Kwanza tunatafuta upatanisho, na hapa hausaidii, maana hakuna kitenzi. Pili tunatafuta methali nyingine yenye neno hilohilo, na ipo: «Ganda la mua la jana, chungu kaona kivuno». Ladha haioni, wala chombo cha kupikia hakioni, kwa hiyo methali hii ni ya kiumbe hai, na inatuonyesha kwamba chungu mdudu ni mhusika anayejulikana katika methali. Tatu, na hiki ndicho kipimo ninachokitegemea zaidi, tunatafuta mkabala. Methali nyingi za Kiswahili zimejengwa juu ya vitu viwili vinavyopingana, na maana sahihi ni ile inayouacha upinzani huo ukiwa umesimama. Kifuu na bahari vinapingana kwa ukubwa, na ni mdudu mdogo pekee anayeweza kukigeuza kimoja kiwe kingine. Ukisema bahari ni chungu kwa ladha, kifuu hakina kazi tena katika sentensi.

Katika «Mgema akisifiwa tembo hulitia maji» upatanisho peke yake unatosha. Mwanafunzi anayemjua tembo wa mbugani atashangaa jinsi anavyotiwa maji, lakini kiambishi «-li-» katika «hulitia» kinamkataa mnyama. Angekuwa mnyama ingelazimu kusema «humtia». Tembo hili ni pombe ya mnazi. Inafaa maelezo yamwambie mwanafunzi jambo hilo waziwazi, kwa kuwa ni faida ya sarufi anayoweza kuitumia kwingine.

«Mfinyanzi hulia gaeni» inataka vipimo vyote viwili. Maelezo ya kosa husema kwamba mfinyanzi hutokwa na machozi kwa sababu chombo chake kimevunjika, na hadithi hiyo inavutia kiasi kwamba watu huiamini. Lakini «hulia» hapa ni kula, lenye «-i-» ya kutendea, kama katika «chumba cha kulia» na «mkono wa kulia», maneno ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza keshayazoea. Gae ni kipande cha chombo kilichovunjika. Fundi anayewatengenezea wengine vyombo vizima, yeye mwenyewe hula katika kigae. Mkabala ni kati ya kazi yake na sahani yake, na ukimpa machozi, mkabala huo unatoweka na panabaki ajali tu.

Kwa kila neno lenye maana zaidi ya moja, basi, andika maana zote pembeni kabla ya kuandika maelezo, kisha ujiulize ni ipi inayokubaliwa na viambishi na ni ipi inayouweka mkabala hai. Ikiwa baada ya hayo bado zinabaki maana mbili, uliza. Usichague ile inayovutia.

Dalili: methali tatu zina maelezo yaleyale

Ukikuta «Haba na haba hujaza kibaba», «Papo kwa papo kamba hukata jiwe» na «Mvumilivu hula mbivu» zote zimeelezwa kuwa «kuwa na subira», mwandishi ameeleza fungu la methali badala ya kuieleza methali. Ya kwanza ni ya kukusanya: kibaba ni kipimo cha nafaka, robo ya pishi, na kila punje inabaki ndani yake. Ya pili ni ya kurudiarudia kitendo kimoja juu ya kitu kigumu, na kamba haikusanyi chochote bali inakula jiwe. Ya tatu ni ya kungoja wakati, ambapo tunda huiva lenyewe na anayengoja hafanyi lolote ila kutolichuma mapema. Anayeweka akiba ataambiwa ya kwanza, anayejifunza kuandika kwa mkono ataambiwa ya pili, na anayengojea majibu ya mtihani ataambiwa ya tatu. Tiba ni kuyaandika maelezo ya methali zinazokaribiana kwa mkupuo mmoja, zikiwa mbele yako pamoja, na kuhakikisha kwamba katika kila moja limo jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya jirani zake.

Dalili: mfano umebandikwa methali mwishoni

«Mvuvi alipata samaki wachache akafurahi, kwani wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu.» Sentensi hii haina kosa la sarufi, na haimfundishi mwanafunzi lolote. Ifunike methali kwa kidole, umpe mwanafunzi methali tatu, umwombe achague inayofaa. Akichagua «Haba na haba hujaza kibaba» hutaweza kumwambia kwamba amekosea, na hiyo ndiyo dalili ya mfano dhaifu. Chanzo ni kwamba methali imewekwa katika kinywa cha msimulizi, ilhali katika maisha ni mtu anayeisema, akimwambia mtu mwingine, kwa sababu fulani.

Rudi kwenye maana. Methali hii hujibu dharau: mwenye kingi anakidharau kidogo cha mwenzake, na mwenzake anamjibu. Kwa hiyo mfano unahitaji watu wawili wasiolingana, neno la dharau, na jibu:

«Mvuvi alirudi Shela na samaki watano. Mwenye jahazi akamwuliza, “Samaki watano nao ni kazi ya siku nzima?” Mvuvi akajibu, “Maji ya kifuu bahari ya chungu, bwana. Wawili tutakula, watatu nitauza.”»

Sasa ifunike tena. «Haba na haba» haikai, kwa sababu mvuvi hakusanyi chochote, na «Mvumilivu hula mbivu» haikai kwa sababu hangoji. Angalia pia kwamba hakuna anayeifafanua methali ndani ya mfano. Ufafanuzi umeshawekwa juu, katika maelezo, na wenyeji wanapozungumza hawaelezani methali. Maneno ya mfano ni yale ambayo mwanafunzi anayajua tayari, ili ugumu ubaki katika methali peke yake. Maelezo yake nayo yawe mafupi: «Kifuu ni gamba gumu la nazi. Chungu ni mdudu mdogo. Kwa mdudu huyo, maji ya kifuu ni mengi kama bahari. Kitu ambacho tajiri anakiona kidogo, kwa mtu mwingine ni kikubwa.» Hakuna haja ya kuzidisha.

Dalili: mfano ni sahihi, lakini msemaji amekosa adabu

Mwanafunzi mmoja anaweza kujifunza «Asiyesikia la mkuu huvunjika guu» kwa usahihi kamili, kisha akamwambia mzee aliyeteleza ngazini, na baraza zima likanyamaza. Maelezo yalimpa maana na hayakumpa msemaji. Methali hii hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, au husemwa baina ya wenza, haipandi. Ile ya mgema ni ya lawama, na zaidi husemwa juu ya mtu asiyekuwapo. Kumwambia mhusika usoni ni kumtukana. Ya kifuu na chungu msemaji hujinyenyekeza yeye mwenyewe, kwa hiyo anaweza kumwambia mtu yeyote.

Suluhisho ni kuongeza mstari mmoja mfupi chini ya kila maelezo unaosema nani humwambia nani, na kuwachagua wasemaji wa mfano kwa kuufuata mstari huo. Pale ambapo kijana analazimika kumkumbusha mkubwa wake jambo, mfano uonyeshe namna methali inavyorudishwa kwa heshima kwa wale walioifundisha: «Babu, nyinyi ndinyi mliotufundisha kwamba haraka haraka haina baraka. Tuyangojee maji yajae, ndipo tushuke gatini.» Na kwa methali ambayo hujapata mtu wa kukuambia husemwa na nani, iache katika orodha ikiwa na maelezo yake, bila mfano, mpaka umpate wa kumwuliza.